Jumapili, Saa Nane Usiku

Mwalimu Esekon hakupenda kuulizwa swali mara mbili. Kwa miaka thelathini na moja ya kufundisha jiografia, mwanafunzi aliyerudia swali alitazamwa tu, akakaa chini mwenyewe. Alipostaafu akafungua kibanda pale Lodwar, karibu na soko, cha kupiga chapa, kutoa kopi na kufunika vyeti kwa plastiki, na tabia ile akahama nayo. Mteja aliuliza, akajibiwa, akaondoka na jibu lake. Wengi walimheshimu, na wachache waliomwona mwenye majivuno walimheshimu pia, kwa sababu kwa kweli mzee alikuwa anajua.

Swali lililomchosha lilikuwa moja. Mtu anaingia na simu mkononi, jasho linamtoka, anauliza, "Mwalimu, Amerika sasa ni saa ngapi?" Kesho yake mwingine, na lile lile. Akina mama wa Kakuma waliokuja Lodwar hospitali, vijana wenye kaka zao Australia, hata padri mmoja aliyekuwa na dada yake London. Walikuwa wanawaamsha ndugu zao usiku wa manane, wanatukanwa, kisha wanakuja kwa Mwalimu kama vile ndiye aliyeiumba dunia ikawa ya mviringo.

Basi mwezi wa Januari akatengeneza kadi. Ilikuwa na ukubwa wa kitambulisho, ya kukaa mfukoni, na plastiki juu yake ili jasho lisiiharibu. Upande wa mbele aliandika miji na tofauti ya saa: Omaha, saa 9 nyuma yetu. London, saa 3 nyuma. Melbourne, saa 8 mbele. Juba, saa 1 nyuma. Hiyo ya Juba aliionea fahari, maana hata wenyewe wa Sudan Kusini walikuwa wakisahau kwamba tangu mwaka 2021 serikali yao ilirudisha saa nyuma na kuachana na ya Kenya. Upande wa pili aliweka kumbusho, kwa herufi nene: wenzetu wa Marekani hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka. Machi, Jumapili ya pili, saa nane usiku, saa husogezwa mbele kwa saa moja. Novemba, Jumapili ya kwanza, saa nane usiku, hurudishwa. Chini akaandika tarehe za Uingereza na za Australia.

Maneno hayo aliyatoa kwenye ukurasa wa Kiingereza na kuyatafsiri yeye mwenyewe, neno kwa neno, bila kukosea hata moja. Nasema bila kukosea, na msomaji akumbuke nilivyosema.

Kadi mojawapo hakuiuza. Aliituma Kakuma kwa Mama Adhel, zawadi, kwa sababu mama huyo ndiye aliyemzaa Kuany.

Kila mwalimu ana mwanafunzi mmoja ambaye humtaja mpaka watu wakachoka, na wa Esekon alikuwa Kuany. Alimfundisha miaka minne katika sekondari ya Kakuma, kabla ya kuhamishiwa Lodwar. Kijana wa kambi ya wakimbizi, mrefu kupita mlango wa darasa, aliyeweza kukuchorea Mto Nile kutoka kichwani na vijito vyake vyote. Miaka kumi na moja iliyopita alipata nafasi ya kwenda Marekani, akatua Omaha, akaingia kiwanda cha nyama. Kila Jumapili alimpigia mama yake. Kila Jumapili, mpaka baba yake Malual alipofariki.

Kuany hakuja kuzika. Alisema karatasi zake zilikuwa kwenye kubadilishwa, kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi, na huenda ilikuwa kweli. Lakini Adhel alikuwa amesimama peke yake kando ya kaburi katika ule udongo mgumu wa Kakuma, mjane asiye na mtoto wa kiume wa kurusha konzi la kwanza la mchanga. Jioni ile Kuany alipopiga, mama alimwambia neno moja kisha akakata. Alimwambia, "Ukipiga tena, sitashika." Na hakushika. Mwaka na nusu simu iliita kila Jumapili, na kila Jumapili mama aliitazama ikiita. Mwishoni ikaacha kuita.

Mwalimu Esekon aliyajua haya yote, kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi wa Machi Adhel alipompigia, na sauti yake ikatoka nyembamba kama ya mtu aliyeketi kwenye shimo, alielewa kabla hajaambiwa kwamba ni Kuany.

Habari ilitoka kwa Ater, mtoto wa ndugu yake Adhel, anayeishi Omaha pia. Kuany alikuwa ameanguka kazini siku ya Ijumaa. Mshipa wa damu ulikuwa umevimba kichwani na kuanza kuvuja, na madaktari walikuwa wameamua kumpasua Jumapili asubuhi. Hawakuficha kwamba kuna wagonjwa wasioamka. Wakati mwingi alikuwa amelazwa kwa dawa, lakini wauguzi walikubali jambo moja: Jumapili saa tatu asubuhi, saa ya kwao, atakuwa macho, na Ater ataruhusiwa kumwekea simu sikioni. Saa tatu na nusu wanamsukuma kwenda kupasuliwa, na simu haiingii huko. Kuany mwenyewe ndiye aliyeomba. Alisema anataka kumsikia mama.

Na mama alikuwa na neno la kufungua. Hilo ndilo lililokuwa linamkaba Adhel. Kwao Wadinka, na kwa Waturkana pia, kama Esekon alivyojua tangu utotoni kijijini Lopur, neno la mzazi likishafungwa haliishi kwa kusahauliwa. Anayelifunga ndiye anayelifungua, kwa mdomo wake, akipuliza maji au mate, na mtoto asikie. Mtoto asiposikia, neno linabaki pale lilipo. Adhel hakutaka mwanawe aingie chini ya kisu akiwa na neno hilo kichwani pamoja na ile damu.

Alimwomba Mwalimu aje. Alisema kuna Kiingereza cha muuguzi ambacho huenda kikahitajika, lakini zaidi alitaka mtu anayejua saa. Esekon alifunga kibanda mchana huo huo na jioni alikuwa Kakuma, akalala kwenye nyumba ya wageni mjini. Kabla ya kulala alitoa kadi yake mfukoni, akapiga hesabu ya Jumapili: saa tatu asubuhi ya Omaha, ongeza tisa, kumi na mbili jioni ya Kakuma. Akairudia mara tatu. Ilikuwa sawa kila mara.

Asubuhi alivuka laga, ule mto wa msimu uliokauka, akaingia kambini. Adhel alikuwa ameketi mlangoni, nguo yake ya kanisani mwilini ingawa kanisani hakuwa na mpango wa kwenda. Kwenye mkono alivaa saa ya marehemu mume wake, kubwa kuliko mkono wenyewe, ameipandisha karibu na kiwiko ili isidondoke.

"Ejok, Mama Kuany," akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Mwalimu. Karibu kiti."

Chai ililetwa. Mwalimu, kwa mazoea tu, akaitupia jicho ile saa ya mkononi, na akaona kitu ambacho mwalimu hawezi kukiacha kipite. Ya kwake ilisema saa tatu asubuhi. Ya Adhel ilisema saa nne.

Alimwambia saa yake inakimbia.

"Haikimbii," Adhel akasema. "Ni mimi nimesongesha. Mtoto wa jirani alinisomea kadi yako. Inasema Jumapili ya pili, saa inaenda mbele moja. Leo nikaamka nikasongesha."

Esekon alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Ni kile kicheko cha darasani, cha kumwona mwanafunzi aliyesoma kwa bidii akaelewa kinyume. Akavuta kiti karibu na kumweleza polepole, akifurahia maelezo yake mwenyewe. Kwamba sisi Kenya tuko kwenye ikweta, mchana wetu na usiku wetu ni sawa mwaka mzima, kwa hiyo hatuna sababu ya kuchezea saa. Wanaobadilisha ni wale wa mbali, ambao mchana wao hurefuka na kupungua. Kadi ilikuwa inasema saa za kwao, wala si ya Malual.

"Na hata wao bado," akaongeza. "Angalia, imeandikwa Jumapili, saa nane usiku. Huo ni usiku wa leo unaokuja. Sasa hivi mchana wa Jumapili bado wako vile vile, saa tisa nyuma. Kumi na mbili jioni ndiyo saa yetu."

Adhel aliitazama kadi, ambayo hakuweza kuisoma, kisha akamtazama mwalimu.

"Na kama wao wameshasongesha?"

"Bado, Mama."

"Bado kabisa?"

Hapo Esekon akamtazama kwa yale macho yake ya darasani. Hakusema neno baya. Adhel aliinamisha kichwa kama walivyofanya watoto wengi kabla yake, akaivua saa na kumpa. Mwalimu akavuta kifundo cha ubavuni mwake, akaurudisha mshale nyuma saa moja, akamvisha tena kwa mikono yake.

Simu ya Adhel ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, ya zamani, ambayo betri yake imevimba mpaka kifuniko hakifungi, imezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ilichajiwa asubuhi kwa Riek, mwenye duka la sola, lakini kila mtu alijua tabia yake: ikiwa imewashwa, saa mbili tatu imezima. Simu ya Mwalimu ilikuwa nzima, ila Ater hakuwa na namba yake, na Adhel hakuwa na salio la kumpigia mtu Marekani. Basi wakakubaliana, na wazo lilikuwa la Mwalimu, kwamba ya Adhel izimwe kabisa ili kutunza chaji, iwashwe dakika kumi kabla ya wakati. Lilikuwa wazo zuri. Mtu yeyote mwenye busara angesema hivyo.

Mchana ukapita kwa mwendo wake wa Kakuma, wa jua kusimama mahali pamoja. Ngoma za kanisa zilisikika, zikanyamaza, zikaanza tena upande mwingine. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakakaa, wakanywa chai, wakaondoka bila kuuliza. Adhel alizungumza kidogo kidogo. Alimweleza Mwalimu jinsi Kuany alivyozaliwa njiani, chini ya hema la plastiki, na jinsi alivyochelewa kusema mpaka watu wakadhani ni bubu. Baadaye akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo cha maji, akakiweka miguuni pake.

Alisema atapuliza maji kwenye simu. Akauliza kama simu itaharibika.

Mwalimu akamwambia haitaharibika, apulize kidogo tu. Akamwuliza atasema nini.

"Nitamwita kwa jina la babu yake," Adhel akasema. "Halafu nitasema, lile neno nililolifunga, mimi mwenyewe nimelifungua. Nimeshika simu. Basi. Mgonjwa hapewi maneno mengi."

Esekon alisikia macho yake yakiuma akageuka kutazama uzio wa miiba. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, na hata hivyo alijiona amebahatika kuwa pale, kuwa na kazi ndogo ya kuhesabu saa katika jambo kubwa namna ile. Nalisema hili kwa sababu baadaye alijichukia kwa furaha hiyo.

Saa kumi na moja jioni kamili, watu walipokuwa wanarudi kutoka ibada ya mwisho, Adhel aliinuka ghafla. Akasema moyo wake umeruka. Akataka simu iwashwe.

Mwalimu akamwonyesha saa. Kumi na moja. Bado saa nzima, na chaji ikiisha sasa watafanya nini? Alimwomba akae. Adhel akakaa. Akakishika kibuyu mapajani kwa mikono yote miwili na kuanza kuyanong'ona maneno yake, akiyajaribu.

Dakika kumi kabla ya kumi na mbili, wakawasha.

Simu ilichukua muda wake kuamka. Kisha ikatetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena, na haikuacha. Ujumbe wa kampuni wa kueleza kwamba namba fulani imekutafuta. Mwingine. Mwingine. Adhel akamkabidhi simu, kwa kuwa msomaji alikuwa yeye, na Mwalimu akaisogeza mbali kidogo na macho kama wazee wanavyosoma.

Namba ya Ater, saa kumi na moja na dakika moja. Namba ya Ater, na dakika nne. Na dakika tisa. Na kumi na tano. Kati yake kulikuwa na ujumbe ulioandikwa. Mama washa simu, Kuany yuko macho. Wa pili: Mama uko wapi, zimebaki dakika kumi na tano. Wa tatu ulisema, Anauliza. Wa mwisho ulikuwa umeingia saa kumi na moja na nusu, na ulikuwa na neno moja. Wamemchukua.

Aliusoma wa kwanza kwa sauti. Wa pili hakuumaliza.

Ndipo akaelewa. Alielewa yote kwa mara moja, pale kwenye kiti, na hakuna darasa alilowahi kufundisha lililokuwa wazi namna ile. Mzungu siku yake huanza katikati ya usiku. Akisema Jumapili saa nane usiku, anasema ule usiku unaotangulia mchana wa Jumapili, ule ambao sisi huuita usiku wa Jumamosi kwa sababu hatujalala tukaamka bado. Siku yetu huanza kunapokucha, saa ya kwanza ya mchana ndiyo saa moja, na usiku huja nyuma ya mchana wake kama ndama nyuma ya mama yake. Aliyatafsiri maneno yale mwezi wa Januari kwa usahihi kamili, na mwezi wa Machi akayasoma kama Mturkana yeyote anavyoyasoma. Omaha ilikuwa imesogeza saa ilipotimia saa tano asubuhi ya Kakuma, wakati wao wameketi wakisubiri. Tangu hapo tofauti haikuwa tisa tena, ilikuwa nane. Saa tatu ya Kuany ilikuwa kumi na moja ya Kakuma. Ilikuwa ile saa ambayo moyo wa Adhel uliruka.

Na kulikuwa na jingine, ambalo lilimjia la mwisho na kumkalia kifuani. Adhel asiyejua kusoma alikuwa amesogeza saa ya mumewe mbele. Alikosea sababu, lakini saa ikiwa mbele moja, na ile tisa ya kadi ikiachwa ilivyo, hesabu ilitoka sawasawa. Saa ya mkononi ingesema kumi na mbili, wangewasha simu, na Kuany angekuwa macho. Saa iliyokuwa sahihi katika nyumba ile ilikuwa moja tu, naye aliiharibu kwa mikono yake, akicheka.

"Nini?" Adhel akauliza. "Soma."

Kabla hajajibu simu ikaita. Ater. Mwalimu akampa mama.

Alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, kwa Kidinka, lugha ambayo hakuijua, na hata hivyo hakuhitaji mkalimani. Adhel aliuliza kitu, akasikiliza. Akauliza tena, akasikiliza kwa muda mrefu zaidi. Mkono wenye saa ulishuka taratibu ukalala juu ya kibuyu. Betri ikakata simu katikati ya neno, na yeye akaendelea kuishikilia sikioni.

Alipoishusha, Mwalimu alimwuliza Ater amesema nini, ingawa hakutaka kujua.

"Amesema walimwekea simu sikioni," Adhel akasema. "Kila mara inasema mteja hapatikani. Kuany akasikia. Akasema, bado amekasirika."

Akarudia kwa sauti ya chini, kana kwamba anamfundisha mtu maneno hayo. "Bado amekasirika. Halafu wakampeleka."

Esekon alitaka kusema kosa ni lake. Alilisema, lakini lilitoka limechanganyika na Januari, na Kiingereza, na usiku wa Jumamosi, na Adhel alimtazama kama anayemsikia mtu ng'ambo ya mto. Maelezo yalikuwa sahihi yote. Hayakuwa na kazi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtu anayesimama kueleza jinsi yalivyomwagika hamsaidii mwenye kiu.

Alifanya yale mtu asiye na la kufanya hufanya. Aliichukua ile simu kwa Riek, akasimama pale dukani mpaka ikapata chaji, akanunua salio. Akampigia Ater kwa simu yake mwenyewe, ile iliyokuwa nzima na imewaka mfukoni mwake mchana kutwa, akamwomba amweleze Kuany akizinduka, kitu cha kwanza kabisa kabla ya maji, kwamba mama alikuwa ameketi na simu mkononi, kwamba aliyekosea ni Mwalimu Esekon. Ater akasema ndiyo, Mwalimu. Akasema upasuaji utachukua saa nyingi. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajalala siku mbili, na hakumlaumu. Esekon angependa alaumiwe.

Jumatatu, jua likiwa limeanza kupanda, Ater alipiga. Safari hii simu iliita mara moja tu ikashikwa. Kuany hakuzinduka. Moyo wake ulisimama wakiwa bado wanampasua, mchana wa kule, na Ater alikuwa amekaa nje ya hospitali muda wote huo akitafuta namna ya kusema.

Wanawake wa jirani wakaanza kulia. Adhel hakulia bado. Alimtafuta Mwalimu kwa macho mpaka akamwona, amesimama kando ya uzio kama mtoto aliyetolewa darasani, akamwita kwa mkono. Akaivua saa.

"Mwalimu, saa yangu ilikuwa kweli," akasema.

"Ilikuwa kweli, Mama."

"Irudishe pale uliitoa."

Alivuta kifundo. Aliuzungusha mshale mbele, saa moja kamili, akakisukuma kifundo ndani, akampa. Adhel akaivaa, akaipandisha juu karibu na kiwiko.

"Sasa kule ni saa ngapi?"

Lilikuwa lile swali. Alikuwa amelijibu mara elfu kibandani kwake bila kuinua macho. Sasa alilihesabu kwa vidole, kidole kwa kidole, kama mtoto wa darasa la pili, halafu akalihesabu tena. Kakuma ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Toa nane.

"Ni saa tano na nusu usiku," akasema. Kisha akaona kile alichokuwa amekipata, na akakisema polepole kwa kuwa hakuwa na haki ya kukosea tena. "Ya Jumapili, Mama. Kule bado ni Jumapili."

"Jumapili ile ile?"

Alimwuliza mara mbili, na mara hii Mwalimu akajibu mara mbili. "Ile ile. Imebaki nusu saa iishe."

Adhel akaomba kibuyu. Maji yalikuwa yale yale ya jana, yana vumbi juu. Alichukua funda moja kinywani. Simu ilikuwa imeshazima tena, kioo chake cheusi, na Esekon alijua kwamba Ater hayupo upande wa pili, wala Kuany, wala muuguzi yeyote. Hata hivyo aliishika kwa mikono yote miwili mbele ya uso wa mama, kama alivyoombwa, na maji yakamrukia vidoleni, na Adhel akamwita mwanawe kwa jina la babu yake, akaanza kumwambia kwamba ameshika simu.